Michirizi kwenye ngozi baada ya kublendi: inatoka wapi, na kwanini biti 16 inaizuia

Dalili yenyewe wengi mnaijua. Umemaliza kublendi sura ya bi harusi, yaani kulainisha rangi za ngozi ziungane, ngozi imetulia, halafu ukiangalia pale shavu linapoingia kwenye kivuli kuelekea taya unaona mistari mipana iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama mtu kapaka rangi kwa hatua badala ya kuiachia iteremke yenyewe. Wakati mwingine mistari ina rangi, mmoja unaenda uwekundu kidogo, unaofuata unaenda ukijani, na ukishauona mara moja huwezi kuacha kuuona. Mteja nae akiuona imeisha hiyo.

Nimeamua kuandika hii kwa ajili ya maeditor wa huku Dodoma hasa, kwasababu naona kazi nyingi za sendofu na mahafali zinatoka na huu ugonjwa, na ushauri unaotembea ni "ongeza blur" au "punguza opasiti ya brashi", ambao mara nyingi unazidisha tatizo. Pia naona michirizi inawatokea zaidi watu wanaofanya kazi nzuri ya mwanga. Ukimpiga mtu jua la saa saba mchana pale nje kivuli kinakatika ghafla, hamna mteremko wa rangi wa kuharibika. Ila ukimuweka mtu studio na softiboksi moja pembeni, au ukasubiri saa kumi na moja jioni jua limelala, mwanga unazunguka shavu taratibu sana, yaani rangi inabadilika kidogo kidogo kwenye pikseli mia nane mia tisa. Huo mteremko mrefu na laini ndo faili la biti 8, lenye ngazi chache za rangi, linashindwa kuubeba ukishaanza kuuchezea.

Kwanza hakikisha mistari ipo kwenye faili kweli

Usianze kutibu kabla hujajua unatibu nini, maana skrini nazo zinadanganya. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zina paneli ya biti 6 ambayo inachezesha pikseli kwa kasi ili ionekane kama biti 8, na paneli hizo zinaweza kukuonyesha mistari ambayo haipo kwenye picha.

Fungua picha Photoshop, weka zumu 100%, sio 33% wala 50%, kwasababu kwenye zumu ndogo programu inakuonyesha nakala iliyofupishwa ili iende haraka na hiyo nakala inaweza kuwa na mistari yake yenyewe. Halafu chukua eyedropper, juu kwenye `Sample Size` weka `Point Sample` (ikiwa kwenye wastani wa pikseli nyingi itakuficha ukweli), fungua paneli ya `Info`, tembeza mshale taratibu ukikatisha mistari, ukitoka kwenye mwanga kuingia kivulini. Angalia namba za R, G na B kila moja peke yake. Kama namba inakaa palepale kwa pikseli nyingi, mfano 44, 44, 44, 44, halafu ghafla inaruka 41 na kukaa tena 41, 41, 41, basi mistari ipo kwenye faili na hata ukiprinti itatoka. Kama namba inashuka moja moja bila kukaa palepale wala kuruka, au inayumba juu chini kidogo huku ikishuka, na bado jicho lako linaona mistari mikali, hapo mtuhumiwa ni skrini, ipeleke picha kwenye skrini nyingine kabla hujagusa kitu.

Halafu angalia umbo. Mistari inayofuata umbo la uso, inayozunguka shavu na paji kama mistari ya urefu kwenye ramani ya milima, hiyo ni uhaba wa ngazi za rangi. Ukiona vimraba vidogo vidogo hasa kwenye giza, hiyo ni JPEG iliyobanwa sana, maana JPEG inaifanyia kazi picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Vimraba ni ugonjwa mwingine. Kama picha ulitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, vimraba havitibiki, omba faili halisi itumwe kama dokumenti.

Kwanini kabla ya kublendi haikuwepo

Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, picha ilivyotoka kwenye kamera ilikuwa safi, sasa mistari imetoka wapi, si nimelainisha tu? Jibu ni kwamba picha ilivyotoka kwenye kamera ilikuwa na chenga. Kila ngozi iliyopigwa picha ina vinyweleo, vitundu, mafuta yanayong'aa kidogo, na juu yake kuna chenga za kamera yenyewe, hata ISO ikiwa ndogo. Ukisoma namba kwenye shavu ambalo halijaguswa utaona 46, 49, 44, 47, 45, 48, zinayumbayumba. Kwahiyo ile sehemu ambapo rangi inatakiwa kutoka 47 kwenda 46 haina mpaka unaoonekana, upande huu kuna 47 nyingi na 46 chache, upande ule 46 nyingi na 47 chache, jicho linachanganya zenyewe na kuona mteremko. Chenga ndo zilikuwa zinaficha ngazi.

Sasa kublendi ni nini? Iwe unatumia Gaussian Blur kwenye leya ya chini, au Mixer Brush, au brashi laini yenye `Flow` ndogo, unachofanya ni kutafuta wastani wa pikseli za jirani. Blur ya pikseli 20 inachanganya maelfu ya pikseli kupata namba moja. Wastani wake unaweza kutoka 46.7, pikseli ya pembeni 46.6, inayofuata 46.6, kisha 46.5. Hesabu yenyewe ni sahihi kabisa, tatizo ni pa kuiandika. Faili la biti 8 lina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 mpaka 255, na hazina nukta. 46.7 inaandikwa 47. 46.6 inaandikwa 47. 46.5 nayo 47. Na itaendelea kuandikwa 47 mpaka wastani ushuke chini ya 46.5, hapo ghafla inakuwa 46 na kukaa 46 kwa pikseli kibao. Umeondoa chenga zilizokuwa zinaficha ngazi, na papo hapo umejenga ngazi safi zenye kingo kali, ndomaana kuongeza blur kwenye biti 8 hakusaidii, kingo zinahama tu sehemu.

Halafu haishii hapo. Kila leya unayoongeza juu inafanya hesabu yake na kuandika jibu bila nukta. Ni kama duka lisilo na chenji kabisa, kila unachonunua bei inasogezwa kwenye noti ya karibu, ukinunua kitu kimoja hujali, ukinunua vitu kumi hela yako imeshapotea njia. Curves inasogeza, Soft Light inasogeza, opasiti 30% inasogeza, na makosa yanarundikana palepale kwenye mteremko.

Kwenye biti 16 Photoshop inatumia ngazi kutoka 0 mpaka 32768. Yaani kati ya 46 na 47 ya biti 8 kuna takriban ngazi 128 nyingine ndani yake. 46.7 inaandikwa karibu kabisa na 46.7, na leya ya juu inaipokea ikiwa hivyohivyo.

Kesi moja niipitie yote

Kijana mmoja anaediti kwenye studio ya Area C aliniletea faili la sendofu, akaniambia "kaka hii kwenye skrini ndogo naona iko poa ila dada wa watu kaona mistari shingoni". Picha ya megapikseli 24, bi harusi ni mweusi wa kung'aa, taa moja kushoto, upande wa kulia wa uso unaingia kivulini taratibu. Kamera ilirekodi RAW, yaani faili ghafi la kamera, ya biti 14, yaani ngazi 16384 kwa kila chaneli, lakini yeye aliitoa kuwa JPEG kwanza ndo akaifungua Photoshop. Juu kwenye kichwa cha dirisha ilikuwa imeandikwa `RGB/8`. Hapo tu ngazi zimeshushwa kutoka 16384 mpaka 256 kabla kazi haijaanza.

Tukapima mteremko wa shavu mpaka chini ya taya, kama pikseli 900. Chaneli nyekundu ilikuwa inatoka 92 kushuka mpaka 62, ngazi 30, kwahiyo kila ngazi ina upana wa pikseli 30. Kijani 60 mpaka 38, ngazi 22, kila moja karibu pikseli 41. Bluu ndo ilikuwa na hali mbaya, 48 mpaka 30, ngazi 18 tu, kila moja pikseli 50. Sasa ona, nyekundu inashuka kila baada ya pikseli 30, bluu kila baada ya 50, hazishuki mahali pamoja. Pale ambapo bluu imeshashuka na nyekundu bado, ngozi inaenda uwekundu na unjano. Pale nyekundu imeshuka kabla ya wenzake inaenda ukijani. Ile michirizi yenye rangi inatoka hapo, sio taa za ukumbi wala sio white balance, na watu wengi wanapoteza muda kuhangaika na Color Balance bila mafanikio.

Halafu ukumbi ulikuwa na giza, akaweka Curves kufungua kivuli, karibu mara mbili. Bluu ikatoka 30 mpaka 48 ikawa kama 60 mpaka 96. Umbali kutoka mwanzo hadi mwisho umekuwa 36 lakini ngazi bado ni zilezile 18, maana Curves haiwezi kuzaa ngazi ambayo haikuwepo, inazitawanya tu. Kwahiyo kila hatua sasa inaruka 2. Ukifungua paneli ya `Histogram` na kubonyeza kile kipembetatu cha onyo ili isome faili halisi, unaona nguzo zimeachana kama kitana, na kitana hicho ni ushahidi tosha.

Hapa naomba niseme jambo ambalo naliona ni la muhimu kwetu. Mafunzo mengi ya kublendi ngozi yanaonyesha ngozi nyeupe, ambako chaneli zote ziko juu, 180, 200, 230, na mtu haongezi mwanga kwa nguvu. Kwenye ngozi nyeusi iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, upande wa kivuli bluu na kijani zinakaa chini kabisa, na ndo hapohapo tunapoufungua uso uonekane. Tunavuta sehemu yenye ngazi chache kuliko zote. Mtu akikuambia "mimi naediti biti 8 miaka yote sijawahi kuona shida", muulize anaediti ngozi gani na mwanga gani, kwasababu kazi yetu inaidai faili zaidi.

Tukarudi kwenye RAW. Kwenye Camera Raw pale chini kuna maandishi ya mstari yanayoonyesha ukubwa na rangi ya picha, ukibonyeza unabadilisha `Depth` kuwa `16 Bits/Channel`. Kivuli tukakifungua hukohuko Camera Raw kabla ya kuingia Photoshop, kwasababu pale bado una ngazi zote zilizorekodiwa na kamera. Wanaotumia Lightroom ni kwenye mipangilio ya `External Editing`, weka TIFF au PSD, biti 16. Kichwa cha dirisha lazima kisomeke `RGB/16`. Tukablendi upya, blur ileile, brashi zilezile. Mteremko uleule wa bluu sasa, 30 mpaka 48, una nafasi ya ngazi 18 mara 128, yaani 2304, na pikseli zipo 900 tu. Kila pikseli inaweza kuwa na namba yake na zinabaki. Ukivuta mara mbili bado zinatosha. Kwenye `Info` ukibonyeza kile kialama cha eyedropper unaweza kuchagua isome kwa biti 16, na unaona kabisa namba zinavyoteremka bila kukaa palepale. Michirizi haikurudi.

"Mi sina RAW, nina JPEG tu, nifanyeje?"

Swali zuri na jibu lake wengi wanalikosea. Wanasema kubadilisha JPEG kuwa biti 16 hakuna maana kwasababu taarifa hazirudi. Ni kweli hazirudi, lakini inategemea unabadilisha lini.

Ukibadilisha kabla ya kublendi, `Image > Mode > 16 Bits/Channel`, inasaidia sana. Kumbuka JPEG ambayo haijaguswa bado ina chenga zake, na zile 47 nyingi zilizochanganyika na 46 chache zimebeba ndani yake taarifa ya 46.7. Blur ikitafuta wastani inaipata hiyo 46.7, na safari hii kuna mahali pa kuiandika. Kwahiyo JPEG yenye ubora mzuri, ikapandishwa biti 16 kabla ya kitu chochote, inaweza kublendiwa bila mistari vizuri tu, ila usiivute vivuli kwa nguvu kama ungevuta RAW.

Ukibadilisha baada ya kublendi, peke yake haifanyi chochote. Ngazi zimeshajengwa, 47 zote ni 47, chenga hazipo. Hapo kuna njia ya kurekebisha kama faili la mwanzo limepotea kabisa: pandisha biti 16, nakili leya, pima upana wa mstari mmoja (zumu na uhesabu pikseli kwa `Ruler Tool`), weka Gaussian Blur yenye `Radius` kubwa kuliko huo upana, mfano mstari ni pikseli 50 weka 60, halafu weka maski nyeusi na upake kwa brashi laini pale penye michirizi tu, mbali na macho, midomo na ukingo wa nywele. Blur kwenye biti 16 itajaza ngazi za kati. Ngozi pale itakuwa imelala kama plastiki, kwahiyo lazima uirudishie chenga, nakuja hapo chini.

Michirizi inatokea kabla hata sijagusa brashi, nimetenganisha leya tu

Hii ni kwa wanaotumia Frequency Separation, leya ya chini ya rangi na leya ya juu ya umbile la ngozi. Angalia namba ulizoweka kwenye `Apply Image`. Resipe inayozunguka mitandaoni ni `Subtract`, `Scale` 2, `Offset` 128, na hiyo ni ya biti 8. `Scale` 2 maana yake tofauti inagawanywa kwa mbili ili itoshe, halafu Linear Light inaizidisha tena kwa mbili. Tofauti ikiwa 3, nusu yake ni 1.5, biti 8 haina 1.5, inaandika 1 au 2, ukirudisha mara mbili unapata 2 au 4. Yani 3 haipo tena. Kila tofauti yenye namba witiri imesogezwa hata kabla hujaanza kazi.

Kwenye biti 16 resipe inabadilika: weka tiki `Invert`, `Blending` iwe `Add`, `Scale` 2, `Offset` 0. Leya ya juu bado inakuwa Linear Light. Jaribio la kujua umefanya sawa ni kuweka leya zote mbili kwenye grupu na kuwasha na kuzima macho ya grupu hilo, picha haitakiwi kubadilika. Ikibadilika hata kidogo kwa mwanga au rangi, umeweka resipe ya biti nyingine, futa uanze tena.

Nimefanya kazi yote biti 16 ila JPEG ya mwisho ina mistari

Hii inauma kuliko zote kwasababu mtu amefuata kila kitu. Sababu ya kwanza ninayoikuta ni mtu kushusha faili kuwa biti 8 likiwa bado na leya. Photoshop inauliza kama uunganishe leya, mtu anabonyeza `Don't Merge` ili abaki na leya zake. Kinachotokea ni kwamba kila leya inashushwa peke yake, halafu Curves na Soft Light zote zinapiga hesabu upya kwa biti 8. Biti 16 yote uliyoitunza umeitupa sekunde ya mwisho. Hifadhi PSD yako ya biti 16 pembeni, halafu tengeneza nakala, `Flatten Image` kwanza ikiwa bado biti 16, ndo ushushe.

Sababu ya pili ni kwamba umeondoa chenga zote. Biti 16 inakulinda wakati wa kuediti, lakini JPEG ni biti 8 na mwisho wa siku mteremko wa bluu wenye ngazi 18 unaingia kwenye ngazi 18. Ukiwa safi kabisa bila chembe ya chenga, zitakuwa hatua za 1 kila pikseli 50. Mara nyingi hatua ya 1 haionekani, ila kwenye kivuli cha ngozi, kwenye skrini yenye mwanga mkali, inaweza kuonekana. Dawa ni kurudisha chenga kabla ya kushusha, ukiwa bado biti 16 na umeshaflatten: `Filter > Noise > Add Noise`, `Amount` kati ya 1 na 1.5%, `Gaussian`, na tiki kwenye `Monochromatic` ili zisiwe za rangirangi. Ukiziangalia kwa 100% unaziona kwa shida, kwenye printi huzioni kabisa, lakini zinavunja kingo zote. Mpangilio ni huu na usiupindue: flatten, chenga, `Convert to Profile` kwenda sRGB, shusha biti 8, JPEG ya ubora 10 mpaka 12. Chenga zikiwekwa baada ya kushusha zinajaribu kufunika ngazi ambazo zimeshajengwa, na utalazimika kuweka nyingi mpaka zionekane.

Sababu ya tatu ni ubora mdogo wa JPEG. JPEG ikibanwa sana kitu cha kwanza kinachotupwa ni zile chenga ndogo, na zikitupwa ngazi zinarudi. Ndomaana picha hiyohiyo ni safi kwenye laptopu yako na ina mistari kwa mteja aliyeipokea WhatsApp. Mtumie kama dokumenti, au mpe linki.

Gharama zake

Picha ya megapikseli 24 leya moja kwa biti 8 ni karibu MB 72, biti 16 ni 144. Leya kumi unaona inapokwenda, na laptopu ya RAM 8 GB itahema. Kinachosaidia ni kupunguza leya zisizo na pikseli za lazima: tumia adjustment layer badala ya kunakili picha, unganisha leya za kusafisha chunusi ukishamaliza nazo, na kama ni picha mia nne za sendofu usiziweke zote biti 16 Photoshop, zile za kawaida zimalize kwenye RAW na biti 16 uipe zile kumi na tano za albamu ambazo utablendi kweli. Pia baadhi ya filta, hasa za `Filter Gallery`, hazifanyi kazi biti 16, zinaonekana zimefifia. Usishushe faili zima kwa ajili ya filta moja, ifanye kwenye nakala mwishoni.

Wanaotumia GIMP, toleo la 2.10 la mwaka 2018 na yaliyofuata yanaruhusu, `Image > Precision`, chagua 16-bit au 32-bit floating point kabla ya kuanza. Toleo la 2.8 ni biti 8 tu, na bado nalikuta kwenye kompyuta za baadhi ya stationari mjini, kwahiyo angalia kabla hujalaumu brashi yako.

Na ukipeleka kazi maabara ya kuprinti, wengi wanapokea JPEG ya biti 8 sRGB, usihangaike kuwapelekea TIFF ya biti 16 wakaibadilisha wenyewe kwa njia usiyoijua. Wapelekee JPEG uliyoitengeneza kwa mpangilio wa hapo juu, na kabla ya kuprinti albamu nzima omba kipande kimoja kidogo cha shavu na shingo kwa saizi halisi ya albamu, ukiangalie kwenye mwanga wa dirisha.